Kwa nini simu yako inaomba lokesheni ili iione mizani ya Bluetooth

*"Habari kaka. Niko Nachingwea. Ndugu yetu ametuletea mizani ya Bluetooth kutoka Dar kwa ajili ya mama, ambaye daktari amemwambia apime uzito kila asubuhi kwa sababu ya moyo. Nimepakua programu yake, ikaniomba lokesheni. Mume wangu akasema mizani haina haja ya kujua tuko wapi, nikatae. Nikikataa, simu haiioni mizani. Nikakubali, bado haikuiona. Kwenye simu ya mume wangu haikuomba lokesheni kabisa na ikaiona mara moja. Simu yangu ni Android 10, ya kwake ni 13. Tatizo ni nini, na je, nikiruhusu ni salama?"*

Dada, mumeo ana haki ya kuuliza. Mizani haina haja ya kujua mko wapi, na kweli haijui; ndani yake hamna chombo cha kupokea ishara za setilaiti. Anayeomba lokesheni ni programu iliyo kwenye simu yako, na inayoilazimisha programu iombe ni Android 10 yenyewe. Android 13 ya mumeo ina sheria nyingine, ndiyo maana kwake swali hilo halikutokea. Hiyo ya kukubali na bado usiione ina sababu yake ya pembeni, na nina hakika karibu kabisa kwamba iko kwenye kitufe ulichokizima ili kuokoa betri. Nitakifikia.

Kwanza tuone mizani na simu zinavyokutana. Mizani ya namna hii hutumia Bluetooth ya umeme kidogo, ambayo Android ilianza kuielewa mwaka 2013 katika toleo la 4.3. Muda wote mizani imelala. Mama akipanda, inaamka, inawasha namba kwenye kioo chake, na papo hapo inaanza kutangaza redioni. Kila baada ya sehemu ndogo ya sekunde inarusha ujumbe mfupi wenye anwani yake, mara nyingi na jina lake, na pengine namba inayosema "mimi ni mizani". Haimwambii mtu fulani. Inatangaza kwa yeyote aliye karibu, kama muuza samaki anavyopita mtaani asubuhi akinadi, atakayesikia na asikie. Mama akishuka, baada ya muda mfupi inanyamaza na kulala tena.

Simu nayo, unapobonyeza "Add device" kwenye programu, haiendi kuigongea mizani mlango. Inatega sikio. Inasikiliza matangazo yote yaliyo hewani kisha inaikabidhi programu orodha: nimesikia huyu, na huyu, na huyu. Programu ndiyo inayoichambua orodha hiyo na kuchagua mizani yake.

Sasa tatizo liko kwenye orodha hiyo. Simu ikitega sikio, haisikii mizani peke yake. Juzi usiku nilikaa sebuleni kwangu hapa Mtwara, mtaa wa Shangani, nikafungua programu ya bure iitwayo nRF Connect, ambayo sisi mafundi huitumia kuona matangazo ya Bluetooth kama yalivyo. Nikapanda kwenye mizani yangu. Ikatokea juu ya orodha na namba −52 pembeni, namba inayoonyesha nguvu ya mawimbi. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo kifaa kilivyo karibu. Chini yake ikaja hedifoni ya mwanangu. Halafu saa ya mkononi ya mtu aliyekuwa akipita barabarani, ikaonekana ikafifia ikapotea. Halafu televisheni ya jirani, −88, mawimbi yamepita kuta mbili. Saa ile imeondoka na mwenyewe, lakini televisheni ya jirani haiendi popote. Ilikuwepo jana, itakuwepo kesho.

Fikiria mvuvi wa Msangamkuu akirudi alfajiri. Hana ramani mkononi. Anaona mnazi fulani, anaona mnara wa simu, anaona paa la nyumba anayoijua, na kwa jinsi alama hizo zilivyopangana anajua yuko wapi na apite wapi. Mnazi haujamwambia kitu. Umesimama tu mahali pake, na yeye anajua ni mahali gani. Televisheni ya jirani yangu ni mnazi wa aina hiyo. Mtu akiwa na daftari kubwa la kuonyesha anwani hii iko Shangani, ile iko Ligula, ile iko sokoni Nachingwea, basi akipewa orodha ya vilivyosikika na simu yako anaweza kutaja mtaa ulipo bila kuigusa GPS hata kidogo. Tena vipo vifaa vidogo vinavyobandikwa ukutani kwa makusudi hayo. Apple walitangaza mfumo wao, iBeacon, mwaka 2013. Google wakaja na wao, Eddystone, mwaka 2015. Kifaa kimoja hutangaza namba yake tu, usiku na mchana, na programu inayoijua namba hiyo hujua kwamba uko mbele ya duka fulani, pengine hata mbele ya rafu fulani.

Kabla ya hapo programu yoyote yenye ruhusa ya Bluetooth iliweza kuipata orodha hiyo, na mwenye simu hakuulizwa lolote kuhusu mahali alipo. Mwaka 2015, katika Android 6, Google waliufunga mlango huo: programu ikitaka kusikiliza matangazo ya Bluetooth, lazima kwanza iwe na ruhusa ya lokesheni, kwa sababu kupewa orodha ni sawa na kupewa njia ya kujua mahali ulipo. Android 10 ikaongeza ukali, ikataka ruhusa ya mahali hasa badala ya ile ya kukadiria. Nia ilikuwa nzuri, na mimi naiunga mkono. Kilichokosewa ni maneno. Unaulizwa kama programu ijue ulipo, wakati mwenyewe umebonyeza kitufe cha kutafuta mizani. Hakuna sentensi hata moja inayounganisha mambo hayo mawili. Mtu mwangalifu kama mumeo lazima ashtuke.

Katika Android 12, iliyotoka mwaka 2021, mambo mawili haya yalitenganishwa. Kukawa na ruhusa mpya inayoitwa "Nearby devices", yaani vifaa vilivyo karibu. Mtengenezaji wa programu anaweza kuandika ndani ya programu yake kwamba hataitumia orodha ya Bluetooth kutafuta mahali mtu alipo. Anaandika hivi:

```
<uses-permission
  android:name="android.permission.BLUETOOTH_SCAN"
  android:usesPermissionFlags="neverForLocation" />
```

Neno la mwisho, neverForLocation, ndilo kiapo. Wala Android haikiamini hivihivi. Programu ikiapa hivyo, simu yenyewe huanza kuchuja orodha na kuondoa baadhi ya matangazo ya vile vifaa vya ukutani kabla ya kuikabidhi. Kwa hiyo kwenye simu ya mumeo programu ileile iliuliza tu kama iruhusiwe kuona vifaa vya karibu, naye akakubali, pengine bila hata kukumbuka kwamba aliulizwa. Simu yako ya Android 10 haina ruhusa hiyo. Inajua njia moja tu, ile ya zamani ya lokesheni. Kwa hiyo msihukumu kwamba programu imewachukulia tofauti. Ni simu mbili za enzi mbili. Wasomaji wengine wenye Android 12 na kuendelea wakiona mizani yao bado inaomba lokesheni, wajue mtengenezaji hajaipeleka programu yake kwenye mfumo mpya, au ameamua kutokiandika hicho kiapo.

Tuje kwenye kukubali na bado isionekane.

Lokesheni kwenye Android ina makufuli mawili. La kwanza ni ruhusa ya programu, hilo ulilofungua ulipokubali. La pili ni swichi kuu ya lokesheni ya simu nzima, ile unayoiona ukishusha pazia la juu la kioo, imeandikwa "Location". Watu wengi huizima na kuisahau kwa sababu wameambiwa inakula betri. Kwenye Android ya zamani kama yako, swichi kuu ikiwa imezimwa, programu yenye ruhusa zote hupewa orodha tupu. Hapa ndipo watu wanapopotezea siku nzima: simu haisemi kwamba imekataa. Haitoi onyo, haitoi kosa. Bluetooth imewaka, ruhusa ipo, programu inazungusha kile kiduara chake, mwisho inaandika "No device found", na wewe unaanza kuishuku mizani. Niliwahi kuitwa Mikindani kwenye zahanati moja iliyokuwa na kipimajoto cha Bluetooth kilichodaiwa kufa. Walikuwa wamebadilisha betri, wamefuta programu na kuipakua upya mara tatu, wamemaliza bando. Nilishusha pazia la simu, nikaona alama ya lokesheni ni ya kijivu, nikaiwasha, na kipimajoto kikatokea kabla sijaketi.

Jipime hivi. Washa swichi hiyo, mama apande, utafute tena. Ikitokea, kazi imekwisha. Kumbuka kwamba kuiwasha swichi hakuhitaji GPS kushika setilaiti; mnaweza kuwa ndani ya nyumba ya bati na kuta nene, haidhuru, kwa sababu kinachotakiwa ni ruhusa ya kusikiliza tu.

Isipotokea, mtazame mumeo. Umesema kwake iliiona mara moja. Mizani nyingi hukubali kuongea na simu moja tu kwa wakati mmoja, na zikishashikwa huacha kutangaza. Kama simu ya mumeo iko chumba cha pili na Bluetooth imewaka, mama akipanda tu simu hiyo inaikamata mizani kabla yako, na kwako panakuwa kimya. Dalili yake ni kwamba mizani inaonyesha alama ya Bluetooth kwenye kioo chake, imetulia bila kumeta, na wewe huna kitu. Zima Bluetooth ya simu ya mumeo, subiri mizani ilale, anza upya.

Kuna jambo la tatu ambalo tunajiletea wenyewe kwa haraka. Tangu Android 7, programu ikianzisha utafutaji zaidi ya mara tano ndani ya sekunde 30, simu huinyima matokeo kwa muda, na hapo pia haisemi. Mtu anabonyeza "tafuta tena, tafuta tena", na kila anavyobonyeza anajifungia zaidi. Ukiona umefanya hivyo, weka simu chini, hesabu dakika nzima, kisha bonyeza mara moja.

Basi asubuhi ya kesho fanyeni hivi, kwa utaratibu huu. Mizani iwe kwenye sakafu ya saruji au vigae, si juu ya mkeka wala zulia, kwa sababu juu ya kitu laini uzito wenyewe utakosea hata kama Bluetooth ni nzima. Kwenye simu yako ingia "Settings", sehemu ya Bluetooth. Ukikuta jina la mizani limeshaorodheshwa pale, lifute kwa "Forget". Watu huzoea kuunganisha hedifoni na spika pale, wakadhani kila kitu huunganishwa pale. Mizani za namna hii kwa kawaida huunganishwa ndani ya programu yake tu, na ukiiunganisha kwenye "Settings" unaweza kuifanya programu isiione tena. Washa Bluetooth, washa lokesheni. Fungua programu, ufike mpaka ukurasa wa kuongeza kifaa, usibonyeze bado. Mama apande peku na asimame. Namba ikianza kuonekana kwenye mizani, ndipo ubonyeze. Mizani inatangaza kwa muda mfupi tu, kwa hiyo ukibonyeza kwanza halafu ukaenda kumwita mama, mtapishana.

Simu ikiuliza ruhusa, Android 10 inaweza kukupa majibu matatu: "Allow all the time", "Allow only while using the app", na "Deny". Chagua la katikati. La kwanza ni ruhusa ya kujua mahali ulipo hata programu ikiwa imefungwa, na kwa mama anayepima mara moja kwa siku mbele yako halina kazi. Programu ikikwambia haiwezi kufanya kazi bila hilo la kwanza, hapo mimi ningeiondoa. Kama uliwahi kubonyeza "Deny & don't ask again", simu imeacha kukuuliza kabisa. Ingia "Settings", "Apps", chagua programu, "Permissions", "Location", uibadilishe humo.

Kipimajoto kinafuata njia hiyohiyo. Tofauti ni kwamba kinaamshwa kwa kitufe na hulala haraka zaidi, kwa hiyo ukurasa wa kutafuta uwe wazi kabla hujakibonyeza.

Sasa usalama, na hapa sitaki kukupa jibu la kukutuliza tu. Ukiruhusu lokesheni kwenye Android 10, hujaruhusu Bluetooth peke yake. Ruhusa ni moja. Programu ikitaka, inaweza kuiuliza GPS mahali mlipo hasa wakati imefunguliwa, na ikatuma huko iendako, maana ruhusa ya intaneti kwenye Android hupewa kila programu inayoitaka bila wewe kuulizwa. Mumeo hakukosea kuogopa hilo. Alichokosea ni kudhani kwamba kuomba ni ushahidi wa nia mbaya. Programu njema na programu mbaya zote zitaomba vilevile kwenye simu yako, kwa sababu hazina njia nyingine.

Kinachotoka kwenye mizani chenyewe hakina mahali ndani yake. Mizani inayofuata kanuni ya kawaida ya Bluetooth hutuma uzito kwa baiti chache tu. Uzito wa kilo 61.4 unaonekana hivi kwenye nRF Connect:

```
00 F8 2F
```

Baiti ya kwanza inasema kipimo ni kilo na hakuna nyongeza. Mbili zinazofuata husomwa kwa kugeuzwa, 2FF8, ambayo kwa hesabu yetu ya kawaida ni 12280. Kila moja ni sehemu ya gramu tano, kwa hiyo zidisha kwa 0.005, unapata 61.4. Huo ndio ujumbe wote. Mji haumo, jina la mama halimo. Watengenezaji wengine wana mpangilio wao tofauti na huu, lakini mizani haiwezi kutuma isichokijua.

Baada ya kuunganisha, kuna jaribio moja ambalo litakuonyesha ni kiasi gani cha ruhusa hiyo kinahitajika kweli. Rudi kwenye "Permissions" uiondoe lokesheni, kisha mama apime tena. Kuna aina mbili za mizani. Aina ya kwanza huunganishwa na simu. Simu ikishaijua anwani yake, inaweza kuiita moja kwa moja bila kutega sikio kwa wengine, na kuita anwani unayoijua hakuhitaji lokesheni. Uzito ukiingia kwenye programu hata baada ya kuiondoa ruhusa, mizani yenu ni ya aina hiyo, na lokesheni ikae imefungwa kuanzia siku hiyo. Aina ya pili haiunganishwi kamwe. Huuweka uzito ndani ya tangazo lenyewe na kuurusha hewani, na simu lazima itege sikio kila asubuhi. Hii ukiiondolea lokesheni inakuwa bubu. Kwa mizani ya aina ya pili washa lokesheni wakati wa kupima, zima mkimaliza. Ni kugusa mara mbili. Ujue pia kwamba mara nyingi uzito unaorushwa hewani hivyo haukufichwa, hivyo jirani mwenye ujuzi na simu ya karibu anaweza kuusoma. Sioni kama ni jambo la kukunyima usingizi, ila ni haki yako kulijua. Katika jaribio hili lipo jambo moja la kutazama: programu nyingine hukataa kufunguka bila ruhusa, hata kama mizani yenyewe haiihitaji. Hiyo ni amri ya mtengenezaji wa programu, msiilaumu Android.

Mnapoitazama lokesheni, tazameni pia ukurasa wa kujiandikisha. Programu hizi huomba tarehe ya kuzaliwa, urefu, jinsia, barua pepe, mara nyingine namba ya simu. Uzito wa kila siku wa mgonjwa wa moyo ukiunganishwa na jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa, kwangu mimi ni siri kubwa kuliko kwamba mko Nachingwea. Andika jina fupi la nyumbani. Kama kuna njia ya kuitumia bila kufungua akaunti, chukua hiyo. Kwenye ukurasa wa programu katika Play Store kuna sehemu ya "Data safety" inayoeleza inakusanya nini na kama inawapa wengine. Isome, ukijua kwamba maelezo yale huandikwa na mtengenezaji mwenyewe.

Na kwa mama hasa, kuna jambo la mizani hizi ambalo mtu hakwambii dukani. Nyingi zina vyuma au sahani za kung'aa pale pa kukanyaga, na hupitisha umeme mdogo mno mwilini ili kukadiria mafuta na maji. Kama mama amewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, asikanyage mizani ya aina hiyo mpaka daktari wake aseme. Kama hana, apime, lakini asilimia za mafuta na maji zinazotokea kwenye programu msizihangaikie. Zinakadiriwa kwa jinsi umeme unavyopita mwilini, na mwili unaojaa maji kwa sababu ya moyo hubadilisha upitaji huo, kwa hiyo makadirio yanayumba. Daktari anataka kilo tu. Apime akiamka, akishakwenda haja ndogo, kabla ya chai, akiwa na nguo za uzito uleule kila siku. Muulizeni daktari ni ongezeko la kilo ngapi, ndani ya siku ngapi, ambalo likitokea mnapaswa kwenda bila kusubiri siku ya kliniki. Wengi hutaja kilo mbili ndani ya siku tatu, lakini namba ya mama ni ile atakayopewa yeye.

Hapo ndipo ushauri wangu kwenu unapoegemea. Simu ya mumeo imeshaiona mizani na haikuhitaji lokesheni, kwa hiyo kama huwa yupo nyumbani mama anapoamka, itumieni hiyo na yako iache. Kama hutoka alfajiri kwenda kwenye mikorosho, basi tumia yako kwa njia niliyoeleza, na asubuhi hiyo Bluetooth ya simu yake iwe imezimwa mpaka atoke. Na siku ambayo simu haina chaji au programu imegoma, uzito bado unaandikwa kwenye kioo cha mizani. Chukua daftari, andika tarehe na kilo, mpeleke mama na daftari lake kliniki; daktari atalisoma kwa urahisi uleule.

Ukishafanya yote haya na mizani bado haijaonekana kwenye simu yako, pakua nRF Connect, mama apande, uangalie kama kuna jina linalotokea akipanda na kupotea akishuka. Likitokea humo, mizani ni nzima na kasoro iko kwenye programu yake. Lisipotokea kabisa, hata kwenye simu ya mumeo, badilisha betri zote kwa pamoja, usichanganye mpya na za zamani, kwa sababu betri iliyochoka inaweza kuwasha namba kwenye kioo na ikashindwa kuendesha redio. Kisha niandikie umeona nini, pamoja na jina lililoandikwa chini ya mizani.